Gumboro katika banda lililochanjwa: kisa cha vifaranga wa mayai pembezoni mwa Dar es Salaam

Kisa hiki ni cha banda moja la kuku wa mayai lililoingiwa na Gumboro, ugonjwa wa virusi unaoharibu kinga ya vifaranga. Mfugaji aliruhusu kielezwe kwa wengine kwa sharti kwamba asitambulike, kwa hiyo nimeondoa jina lake, mtaa wake, jina la chanjo na majina ya waliomuuzia vifaranga. Nimekichagua kwa sababu swali lake nalisikia mara kwa mara Dar es Salaam: "Daktari, nilichanja siku ya kumi na nne kama ratiba inavyosema, mbona wanakufa?" Jibu lake lilipatikana sehemu mbili, yaani kwenye bursa za mizoga, kile kifuko cha kinga kilicho karibu na tundu la haja, na kwenye daftari la mfugaji mwenyewe.

## Usuli

Mfugaji ni mama mwenye uzoefu wa miaka kadhaa na kuku wa nyama. Kwa mara ya kwanza aliamua kufuga kuku wa mayai, akaagiza vifaranga 1,000 wa siku moja. Muuzaji alipungukiwa, akamletea 600 kutoka kituo kimoja cha kutotolesha na 400 kutoka kingine. Wote wakaingizwa kwenye bruda moja siku hiyohiyo, bila alama ya kuwatofautisha.

Banda lilikuwa limetoka kutoa kuku wa nyama. Baada ya kuwauza, maranda ya zamani yalizolewa na kulundikwa nyuma ya banda, mwendo wa hatua chache kutoka mlangoni. Sakafu ikafagiliwa, ikapuliziwa dawa ya kuua vijidudu bila kusuguliwa kwa sabuni kwanza, na banda likapumzishwa wiki moja tu. Kundi lile la kuku wa nyama halikuwa na vifo vya kutisha, ila mama alikumbuka kwamba walikuwa wazito kukua na walipata mafua yaliyogoma kupona. Hakuna aliyewapasua.

Kuhusu chanjo, alifuata ratiba iliyozoeleka: Kideri siku ya 7, Gumboro siku ya 14, Kideri tena siku ya 21, Gumboro ya marudio siku ya 28. Chanjo ya Gumboro aliyopewa dukani ilikuwa chanjo hai ya nguvu ya kati, ya kutia kwenye maji. Nilimhoji sana jinsi alivyoichanja, kwa sababu hapo ndipo wengi hukosea. Aliibeba kwenye kiboksi chenye barafu. Alijua maji ya bomba yana klorini, na klorini huua virusi vya chanjo, hivyo alichanganya maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 2 hivi kwa kila lita, akayaacha yakae karibu nusu saa ndipo akafungua kichupa. Vifaranga walinyimwa maji saa moja na nusu, kisha wakamaliza maji ya chanjo ndani ya saa mbili asubuhi na mapema kabla jua halijawa kali. Sikuona pa kumlaumu.

## Mtiririko wa matukio

Hadi siku ya 25 kundi lilikuwa linaonekana zima. Vifo vya wiki zote hizo vilikuwa 18, jambo la kawaida kwa idadi ile.

Siku ya 26 jioni kijana wa banda aliona vifaranga kadhaa wamejikunyata, manyoya yamesimama, wengine wakijidonoa wenyewe sehemu ya haja. Kinyesi kilikuwa cha majimaji chenye weupe, na manyoya ya nyuma yamelowa. Asubuhi ya siku ya 27 walikutwa 11 wamekufa. Mama alikwenda duka la dawa za mifugo akaeleza kwamba wanaharisha na kutetemeka. Akauziwa dawa ya kuhara damu ya jamii ya salfa pamoja na antibiotiki, vyote vya kutia kwenye maji.

Siku ya 28 walikufa 46. Ndiyo siku niliyoitwa. Mama alikuwa na kichupa kingine cha chanjo ya Gumboro kwenye friji, kile cha marudio, na swali lake la kwanza lilikuwa kama awape papo hapo.

## Kilichoonekana kwenye mizoga

Nilipasua vifaranga wanane: watano waliokufa usiku ule, wawili walio hoi, na mmoja aliyeonekana mzima, akila na kutembea vizuri. Huyo wa mwisho wafugaji huona uchungu kumtoa, lakini bila yeye ningesoma nusu tu ya habari.

Kwa anayetaka kuiona bursa mwenyewe, njia ni hii. Mlaze kifaranga chali, lowesha manyoya kwa maji ya sabuni yasiruke, kata ngozi kati ya paja na tumbo pande zote mbili, kisha yategue mapaja hadi yalale bapa. Hapohapo, kabla ya kufungua tumbo, tazama nyama ya paja na kidari. Baada ya hapo fungua tumbo, shika utumbo sehemu ya mwisho karibu na tundu la haja na uuinue kuelekea kichwani. Nyuma ya kloaka, upande wa mgongoni, utakuta kifuko cha mviringo. Hicho ndicho bursa. Kwa kifaranga mzima ni cheupe kuelekea krimu, kimekaza, na ukikipasua ndani kuna mikunjo mirefu myembamba iliyopangana kama kurasa za daftari.

Watano waliokufa walikuwa na picha moja. Nyama zilikuwa kavu na nyeusi kuliko kawaida kwa kukosa maji mwilini. Kwenye mapaja kulikuwa na michirizi ya damu iliyovilia, na kwa watatu michirizi hiyo ilikuwepo kidarini pia. Bursa ilikuwa imevimba hadi karibu mara mbili ya ukubwa wake, juu imefunikwa na ute mzito wa rangi ya njano, na mistari ya urefu iliyo juu yake imejitokeza wazi. Nilipozipasua, mikunjo ilikuwa imevimba na kujaa maji, na katika bursa mbili kulikuwa na madoa ya damu kwenye mikunjo yenyewe. Figo zilikuwa zimevimba na kupauka. Mpakani, pale tumbo la tezi linapoungana na firigisi, wanne walikuwa na mstari mwembamba wa damu.

Mstari huo unahitaji umakini, maana wengi wakiona damu karibu na firigisi husema Kideri. Katika Kideri damu mara nyingi huonekana kwenye ncha za tezi zenyewe, imetapakaa ndani ya tumbo la tezi, na kundi huwa na dalili za kukohoa, kupinda shingo au kupooza. Hapa tezi zilikuwa safi na hakuna aliyekohoa. Nilifungua pia vipofu vya utumbo kutafuta damu ya koksidia, yaani ugonjwa wa kuhara damu. Havikuwa na damu.

Michirizi ya damu kwenye nyama ilinifanya niulize swali la ziada, kwa sababu dawa za salfa zikizidi nazo zinaweza kuleta damu kwenye nyama na kuharibu figo. Ila salfa ilianza kunyweshwa siku ya 27, na wagonjwa wa kwanza walionekana jioni ya siku ya 26. Tena salfa haivimbishi bursa ikavikwa ute wa njano.

Sasa niwaeleze wale watatu walioletwa hai. Mmoja kati ya waliokuwa hoi alikuwa na bursa iliyovimba kama wale waliokufa. Yule mwenzake, na yule aliyeonekana mzima, walikuwa na bursa ndogo, ya kijivu, laini isiyokaza, ndogo kuliko bandama yake mwenyewe. Katika umri ule bursa inatakiwa iipite bandama kwa ukubwa, na kipimo hicho hakihitaji mzani: weka viungo viwili kando kwa kando kwenye kisahani, tazama.

## Kusoma siku kwenye bursa

Virusi vya Gumboro huzifuata chembe za kinga za aina ya B, na kwenye kifaranga chembe hizo hukomaa ndani ya bursa. Kinachoonekana kwa macho ni mabaki ya mapambano hayo, na yana mpangilio unaojulikana. Siku ya 3 tangu kuambukizwa bursa huanza kuvimba. Siku ya 4 uzito wake hufika karibu mara mbili. Siku ya 5 hurudi kwenye uzito wa kawaida, lakini haitulii hapo, inaendelea kusinyaa. Kuanzia siku ya 8 hivi huwa imebaki kama theluthi moja ya uzito wake wa mwanzo, na rangi imekuwa ya kijivu.

Hapo ndipo panapopoteza wachunguzi wengi. Anayefungua kifaranga siku ya 5 anaweza kukuta bursa ya ukubwa wa kawaida akasema si Gumboro. Anayefungua siku ya 10 anakuta ndogo, na kama hakuilinganisha na bandama anadhani ndivyo ilivyo. Ndiyo sababu mzoga mmoja hautoshi, na ndiyo sababu napendelea kupasua waliokufa leo pamoja na walio hai.

Kwa banda hili, bursa zilizovimba zilisema maambukizi yaliingia kwa vifaranga hao siku 3 au 4 nyuma, yaani walipokuwa na siku 24 au 25. Bursa mbili za kijivu zilisema kitu kingine. Ndani yake virusi vilikuwa vimekwisha kupita si chini ya siku 8 kabla, vifaranga wakiwa na siku 20 au pungufu, na hakuna aliyeugua wala kufa wakati huo.

Kuna maelezo mawili yanayowezekana, na jicho haliwezi kuyatenganisha. La kwanza ni kwamba vifaranga hao walikuwa na kinga ndogo waliyorithi kwa mama kuku, virusi vya bandani vikawapata mapema kimyakimya, wakavizalisha na kuvimwaga kwenye maranda kwa ajili ya wenzao. La pili ni kwamba chanjo ya siku ya 14 iliwashika hao wawili, kwa kuwa chanjo hai za nguvu ya kati nazo husinyaza bursa kiasi. Kwa vyovyote vile, hitimisho lilikuwa moja: ndani ya banda moja kulikuwa na vifaranga waliokuwa tayari kupokea virusi siku ya 14, na wengine ambao hawakuwa tayari.

Vipande vya bursa vilivyovimba vilipelekwa maabara ya TVLA Temeke, vingine kwenye barafu kwa ajili ya kipimo cha PCR na vingine kwenye formalini ya asilimia 10. Majibu yalithibitisha virusi vya Gumboro.

## Maamuzi ya siku ile

Swali la mama kuhusu kichupa cha marudio nililijibu kwanza. Nilimshauri asichanje. Chanjo hai inahitaji siku kadhaa kujenga kinga, wakati virusi vya bandani vilikuwa vimeshatapakaa kwenye maranda, maji na miguu ya kila mtu aliyeingia. Ambaye hajaugua siku ile alikuwa ameshakutana navyo. Kuwashika na kuwanyima maji saa moja na nusu, kwenye joto la Dar es Salaam, wakati miili yao imeishiwa maji, kungewaongezea vifo.

Dawa ya salfa tuliisimamisha saa ileile. Figo zilikuwa zimeshaelemewa, na salfa hutolewa mwilini kupitia figo. Antibiotiki tuliiacha imalizie siku zake, kwa sababu kundi lililopoteza kinga hushambuliwa haraka na bakteria wa kinyesi, ingawa nilimweleza mama waziwazi kwamba haifanyi chochote kwa virusi. Maji safi yenye elektrolaiti yaliwekwa muda wote, vinyweshea vikaongezwa na kushushwa chini ili walio dhaifu wafikie, na mapazia ya upande wa upepo yakafunguliwa.

Jambo la mwisho lilikuwa Kideri. Walichanjwa siku ya 21, katikati ya kipindi ambacho baadhi yao tayari walikuwa na bursa iliyoharibika. Sikuwa na imani kwamba chanjo ile ilijenga kinga ya kutosha, hivyo tulipanga kuirudia wiki mbili baada ya vifo kukoma, siyo kabla.

## Matokeo ya kundi la kwanza

Siku ya 29 walikufa 83, na hicho kilikuwa kilele. Siku ya 30 walikufa 58, siku ya 31 wakafa 21, siku ya 32 wakafa 7, kisha vifo vikakatika. Jumla ya waliokufa kwa mlipuko ni 226 kati ya 982, karibu asilimia 23. Kupanda ghafla na kushuka ndani ya wiki moja ni tabia ya Gumboro. Koksidia isiyotibiwa huburuza, na Kideri haiachi wengi hivyo katika kundi lisilo na kinga.

Ukubwa wa vifo haukunishangaza. Kuku wepesi wa mayai hufa kwa Gumboro kuliko kuku wa nyama. Halafu zipo aina kali sana za virusi hivi, zilizotambuliwa Ulaya mwishoni mwa miaka ya 1980 kisha zikaenea Asia na Afrika, Tanzania ikiwemo. Kipimo tulichofanya hakikutaja ukali wa aina iliyotupata, kwa hiyo siwezi kusema ilikuwa hiyo.

Waliopona walichukua muda kulingana. Wiki chache zilizofuata kulikuwa na vifo vya mmojammoja, na mizoga ilionyesha utando mweupe kwenye moyo na ini, dalili ya bakteria waliopata mwanya. Chanjo ya Kideri ilirudiwa kama tulivyopanga, na ugonjwa wenyewe haukuingia.

## Kundi la pili

Mama alitaka kuanza upya. Tulikubaliana mambo mawili kabla hajalipa vifaranga: wote watoke kituo kimoja, na siku ya chanjo ipatikane kwenye damu yao.

Banda nalo lilitendewa tofauti. Maranda yaliondolewa kabisa eneo lile, pamoja na lile lundo la nyuma. Sakafu na kuta zilisuguliwa kwa maji ya moto na sabuni hadi kinyesi kilichoganda kikatoka, zikakauka, ndipo zikapuliziwa dawa yenye gluteraldehidi. Virusi vya Gumboro havina utando wa mafuta kwa nje, na hiyo ndiyo sababu dawa nyingi za kawaida, hasa zinazotegemea kuyeyusha utando huo, haziviwezi. Dawa yoyote ikipuliziwa juu ya kinyesi huishia kwenye kinyesi. Banda lilipumzishwa wiki sita. Huo si muda wa kutosha kuvimaliza, maana vimewahi kupimwa vikiwa bado vinaambukiza bandani zaidi ya miezi mitatu baada ya kuku kuondolewa, lakini hupunguza mzigo wake.

Vifaranga walipofika siku ya 4, tulichukua damu kwa 20 kati yao, tukapeleka ipimwe kwa ELISA. Kinachopimwa ni kingamwili ambazo mama kuku aliziweka kwenye kiini cha yai. Kingamwili hizo humlinda kifaranga, na hizohizo huua virusi vya chanjo ukichanja mapema. Kwa kuku wa mayai hupungua nusu kila baada ya siku 5 na nusu hivi, ilhali kwa kuku wa nyama wanaokua haraka hupungua nusu kila siku 3. Tofauti hiyo ndiyo inayofanya ratiba ya kuku wa nyama isiwafae leya.

Majibu ya kiwango cha kingamwili yalikuwa kati ya 1,300 na 6,900. Tuliyapanga kuanzia chini kwenda juu, tukachukua la kifaranga wa 15, maana tulitaka siku ambayo robo tatu ya kundi itakuwa tayari kupokea chanjo. Lilikuwa 4,000. Chanjo tuliyoichagua safari hii ni ile ya nguvu ya kati iliyoongezwa, ambayo kwa kipimo hicho inaweza kupenya kingamwili zikifika 500. Hesabu ikawa hivi:

```
4,000 → 2,000 → 1,000 → 500   (nusu mara 3)
3 × 5.5 = siku 16.5
siku ya kupima 4 + 16.5 = 20.5, yaani siku ya 21
```

Kama tungetumia chanjo ya nguvu ya kati ya kawaida, ambayo hupenya zikifika 125, ingebidi zipungue nusu mara tano, na siku ingekuwa ya 31 au 32. Ukichanja vifaranga wa namna hii kwa chanjo hiyo siku ya 14, unawanywesha maziwa ya unga tu. Onyo moja: namba za 500 na 125 zinategemea aina ya kipimo cha maabara. Usichukue majibu ya maabara moja ukayapigia hesabu kwa namba za nyingine bila kuuliza.

Chini kabisa, mwenye 1,300 alikuwa anafika 500 karibu siku ya 12. Juu kabisa, mwenye 6,900 alikuwa anafika karibu siku ya 25. Hiyo tofauti ya siku 13 ilikuwa ndani ya kundi lililotoka kituo kimoja. Kwa hiyo tulichanja siku ya 21, tukarudia siku ya 28 kuwachukua waliobaki nyuma. Nilikubali kwamba wale wa chini wangekuwa wazi zaidi ya wiki moja kabla ya chanjo ya kwanza, na ulinzi wao katika siku hizo ulikuwa usafi wa banda peke yake. Kideri ilisogezwa ili isigongane na Gumboro.

Kundi lilipita wiki ya tatu hadi ya sita bila mlipuko. Katika wiki ya tano tulipasua wachache. Bursa zilikuwa zimepungua kidogo, jambo linalotarajiwa kwa chanjo ya nguvu hiyo, lakini hazikuwa na ute, damu wala uvimbe, na mapaja yalikuwa safi. Damu iliyopimwa wiki ya saba ilionyesha kingamwili zimepanda kwa wote waliopimwa, na kwa viwango vilivyokaribiana.

## Uchambuzi

Kundi la kwanza halikuangushwa na chanjo mbovu wala mchanjaji mzembe. Liliangushwa na tarehe. Vifaranga kutoka vituo viwili walikuja na viwango tofauti vya kinga ya mama, ratiba ikawapa siku moja, na siku hiyo ilitoka kwenye mazoea ya kuku wa nyama. Wengi walikuwa bado na kingamwili nyingi siku ya 14, chanjo ikafia tumboni. Kufikia siku ya 24 kingamwili zilikuwa zimeshuka kiasi cha virusi vya bandani kupenya, na marudio yalikuwa bado siku 4 mbele. Tena virusi vikali vya bandani hupenya kingamwili zikiwa bado juu kuliko zile zinazoweza kupenywa na chanjo, kwa hiyo katika mbio hizo chanjo huanza nyuma. Haya nayasema kwa kuunganisha mizoga na daftari. Damu ya siku za mwanzo za kundi lile haikuchukuliwa, na hesabu yake haiwezi kufanywa leo.

Lundo la maranda nyuma ya banda nalipa uzito uleule. Wale kuku wa nyama waliokua kwa shida na mafua yasiyopona wanafanana sana na kundi lililopata Gumboro kabla ya wiki tatu za umri. Katika umri huo mara nyingi hawafi, ila kinga yao huharibika kwa muda mrefu. Mfugaji anaona kuku wasiokua, anatibu mafua, anauza, na virusi vinabaki vikisubiri wageni. Laiti mmoja wao angepasuliwa na bursa yake kuwekwa kando ya bandama, habari ingejulikana kabla vifaranga wa mayai hawajaagizwa.

Je, kundi la pili lilisalimika kwa sababu ya hesabu ya damu, au kwa sababu ya maji ya moto, sabuni na wiki sita? Siwezi kutenganisha, tulibadilisha yote kwa mara moja, pamoja na aina ya chanjo. Ninachoweza kutegemea ni kingamwili za wiki ya saba zilizokaribiana: hizo zinaonyesha kwamba chanjo ilishika kwa kundi zima, na kuku wasingekuwa na kitu hicho kama tungechanja siku wasiyo tayari.

Uamuzi wa kutochanja katikati ya mlipuko ningeurudia. Kuna wenzangu wanaochanja, hasa pale banda la jirani lenye kundi jingine halijaguswa, na kwa banda hilo la jirani nakubaliana nao. Kwa banda ambalo tayari lina vifo vya siku ya pili, sioni cha kuokoa kwa chanjo.

Kwa mfugaji asiyemudu kupima damu, yapo yanayowezekana. Amuulize muuzaji kama kuku wazazi walichanjwa Gumboro kwa chanjo iliyouawa kabla ya kuanza kutaga, maana vifaranga wao huja na kingamwili nyingi na siku ya 14 ni mapema kwao. Leya wachanjwe karibu na siku ya 18 hadi 21, kisha warudiwe baada ya siku 7. Na kabla ya kununua kichupa chochote cha Gumboro, aulize vifaranga walidungwa nini kituoni. Siku hizi zipo chanjo za Gumboro zinazodungwa siku ya kwanza. Baadhi yake hubebwa ndani ya virusi vya bata mzinga, vilevile vinavyotumika kwenye chanjo ya ugonjwa wa Mareki. Kifaranga asipewe chanjo mbili za aina hiyo, kwa sababu moja huizuia nyingine. Jibu la swali hilo liandikwe kwenye daftari, juu kabisa, kabla ya tarehe ya chanjo ya kwanza.